Mita Hairudi Nyuma

Ujumbe wa bili uliingia asubuhi ya tarehe 2 Septemba, nikiwa jikoni nakoroga uji wa watoto. Niliusoma mara tatu. Usomaji uliopita 312, usomaji wa sasa 386, matumizi uniti 74, kiasi cha kulipa shilingi 131,000 na ushee. Mwezi uliotangulia nililipa 24,000. Nikamwita mwanangu mkubwa anisomee yeye, nikidhani macho yangu yameanza kunisaliti. Akasoma vilevile.

Tunaishi Chuno, hapa Mtwara mjini, watu saba kwenye mita moja: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, na mpangaji wa chumba cha nyuma na mwanawe. Maji kwetu ni ya mgao. Kwa wiki yanatoka siku tatu, yanaanza usiku watu wakiwa wamelala na kukatika jua likichomoza. Tuna tangi moja la lita 1,000. Likijaa, hatuna pengine pa kuweka maji zaidi ya madumu machache ya kunywa na kupikia.

Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Uniti 74 ni madumu 3,700 kwa mwezi, karibu madumu 120 kwa siku. Hesabu hiyo niliifanya baadaye, nilipotulia. Asubuhi ile sikufanya hesabu yoyote. Nilitoka uani moja kwa moja nikamwendea mpangaji wangu, nikamuuliza ni nani anayeacha bomba wazi usiku. Alikuwa anafua. Aliniangalia, akanyanyua mikono yenye povu, akasema, "Mama, mimi nachota humo humo tangini unamochota wewe." Alikuwa na haki. Siku saba zilipita tukisalimiana kwa shida, na jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko hela zenyewe, kwa sababu nilimtuhumu mtu kabla sijafunua mfuniko wa mita na kutazama.

Kosa la pili lilikuwa la fedha. Nilimwita fundi bomba. Naye, kama mafundi wengi ukimwonyesha bili kubwa, akasema bomba limepasuka chini ya ardhi. Akachimba kuanzia getini mpaka chini ya mkorosho, akafukua bomba zima, likaonekana kavu na zima. Nikamlipa shilingi 30,000 za kazi yake, maana alifanya kazi aliyoitiwa. Mchanga tuliurudisha wenyewe.

Jioni ya tarehe 9 mume wangu ndiye aliyesema, "Hivi hiyo mita yenyewe mmeitazama?" Hakuna aliyeitazama. Mita yetu iko ndani ya kishimo cha zege nje ya ukuta, kimefunikwa kwa bamba la chuma. Tukalinyanyua, tukatoa mchanga, nikaufuta uso wa mita kwa upindo wa kanga. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani na mkwaruzo mrefu katikati. Nikawasha tochi ya simu nikasoma: tarakimu nyeusi 00330, na pembeni yake tarakimu tatu nyekundu.

Nikasoma tena. 330. Bili imesema mwisho wa Agosti mita ilikuwa 386. Leo ni tarehe 9 Septemba, maji yameshatoka mara kadhaa tangu hapo, na mita inasema 330.

Mita ya maji haihesabu kwenda nyuma maji yakiwa yanaingia nyumbani kwako. Inapanda tu. Ikiwa leo inasoma 330, basi siku tisa zilizopita haikuwa 386, haiwezekani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa na tatizo la bomba, wala la mpangaji, wala la mita mbovu. Kuna mtu aliisoma namba vibaya, na kila kilichofuata kilijengwa juu ya namba hiyo.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu majirani wengi nimewaona wakichanganya mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. Bili ikipanda ghafla, huenda maji yanavuja baada ya mita. Hapo namba ya bili na namba ya kwenye mita zitapatana, na maji yamepita kweli, hata kama hukuyatumia. Au mita yenyewe imeharibika, inahesabu zaidi ya kinachopita. Hapo pia namba zitapatana, kwa kuwa msomaji ameandika alichokiona. Au msomaji amekosea, na hapo peke yake ndipo namba hazipatani. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, kabla ya kugombana na mtu, nenda na ujumbe wako mkononi mpaka kwenye mita ulinganishe. Namba ya mita ikiwa ndogo kuliko ya bili, umeshamaliza uchunguzi. Ikiwa kubwa kidogo, kadiri ya siku zilizopita, basi usomaji ulikuwa sahihi na ndipo utafute uvujaji au ubovu.

Tarakimu nyekundu pia zina mtego wake. Kwenye mita kama yetu, nyeusi ni uniti kamili na nyekundu ni lita. Bili inatozwa kwa nyeusi. Jirani yangu mmoja aliwahi kukimbilia ofisini akidai mita yake inasoma laki tatu na kitu, kumbe alizisoma zote kwa mfululizo. Ukienda na namba ya namna hiyo, hata hoja yako ya kweli haitasikilizwa.

Kesho yake, tarehe 10, nilikwenda ofisi ya mamlaka ya maji. Nilikwenda mikono mitupu. Namba 330 ilikuwa kichwani mwangu na hasira ilikuwa kifuani. Kijana wa dirishani aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikamwitikia, kisha nikaanza kwa sauti ya juu. Naye akafungua kompyuta, akatazama, akasema maneno ambayo nadhani huyasema mara ishirini kwa siku: "Mama, mfumo unaonyesha umetumia uniti 74. Angalia ndani kwako, kuna uvujaji."

Nikamwambia mita inasoma 330. Akaniuliza, "Nani ameisoma?" Nikasema mimi. Akaniambia atamwandikia fundi mita aje kuhakiki, nisubiri. Akaandika jina langu na namba ya simu kwenye daftari. Sikupewa karatasi, wala namba ya lalamiko, wala tarehe. Kabla sijaondoka akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Kama kiasi ni kikubwa, tunaweza kukuandikia ulipe kwa awamu."

Nusura nikubali. Awamu tatu za shilingi elfu arobaini na kitu zinabebeka kuliko kukatiwa maji. Kilichoniokoa ni kuisoma ile fomu kwanza. Sentensi ya juu ilisema mteja anakiri kudaiwa kiasi tajwa. Ukishaweka saini hapo, lalamiko lako limekufa, maana huwezi wiki hii kukiri deni na wiki ijayo kulikana. Nikairudisha fomu, nikamwambia, "Mwanangu, silikatai deni langu la kweli, ila hili silo."

Fundi mita hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Nilipiga simu mara mbili nikaambiwa yuko kwenye orodha. Nyumbani, mashemeji wakanishauri nisubiri tu, kwa sababu mita itajirekebisha yenyewe: kama wamekutoza mpaka 386, basi utakunywa maji ya bure mpaka mita ifike 386. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inadanganya. Ni kweli kwamba uniti ulizotozwa mapema hazipotei ikiwa usomaji utaendelea kufanyika kwa haki. Lakini kwetu zingechukua zaidi ya miezi minne kufidiwa, na muda wote huo ningehesabiwa mdaiwa wa 131,000, jina langu likiwa kwenye orodha ya kukatiwa. Halafu mahali ambapo bei hupanda kwa madaraja ya matumizi, uniti zilizorundikwa kwenye mwezi mmoja zinakutupa daraja la juu, na tofauti hiyo ya bei hairudi kwa kusubiri.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sikulijua hadi tarehe 30 Septemba ujumbe mwingine ulipoingia. Usomaji uliopita 386, usomaji wa sasa 400, uniti 14. Pamoja na deni la nyuma.

Nilikwenda kwenye mita mbio. Ilikuwa 340.

Baadaye afisa mmoja alinieleza kilichotokea. Msomaji alipofika mwisho wa Septemba alikuta 340. Alipoingiza 340 kwenye simu ya kazi, mfumo ukaikataa, kwa sababu usomaji mpya hauwezi kuwa mdogo kuliko wa zamani. Mfumo ulikuwa na akili. Ulichokosa ni mtu wa kujiuliza kwa nini. Akiwa na nyumba nyingine nyingi za kumaliza siku hiyo, msomaji akaweka makadirio: wastani wangu wa uniti 14 juu ya 386, ikawa 400. Kosa moja likazaa la pili, na lingezaa la tatu kila mwezi. Mita yangu ya kweli na mita ya kwenye kompyuta zingetembea sambamba, zikiwa zimeachana kwa uniti 60, milele. Ule ushauri wa kusubiri ungenigharimu kila senti.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu tarehe 2 Septemba: nikakusanya ushahidi kwa utaratibu, kama ninavyowataka wanafunzi wangu waonyeshe njia na si jibu peke yake.

Kwanza nilitafuta jumbe zote za bili kwenye simu, Aprili mpaka Julai. Uniti 13, 15, 13, 14. Nikaziandika kwenye karatasi moja, kila mwezi na usomaji wake.

Pili nikapiga picha ya mita. Hapa nilijifunza kwamba picha ya uso wa mita peke yake haitoshi, inaweza kuwa mita ya mtu yeyote. Inatakiwa ionyeshe namba ya mita iliyochongwa kwenye shaba au kwenye mfuniko wake, ilingane na iliyo kwenye bili. Nikapiga mbili: moja karibu sana, namba ya mita na tarakimu zikisomeka, nyingine kwa mbali ikionyesha kishimo na geti letu. Nikamwomba mwenyekiti wa mtaa asimame pale, asome kwa macho yake, aandike kwenye karatasi kwamba tarehe 2 Oktoba amekuta 341, na kuweka saini na muhuri. Alisoma kwa makini, akiinama na miwani mkononi, akairudia namba kwa sauti kama anayehesabu kura.

Tatu, niliamua kuyafunga mapema maswali ambayo nilijua wataniuliza, yaani uvujaji na ubovu wa mita. Sikuwa na wajibu wa kuyajibu, maana namba pekee ilitosha, lakini nilishasikia "angalia ndani kwako" na sikutaka kuisikia tena.

Kipimo cha uvujaji ni rahisi, ila sisi wa maji ya mgao tunakifanya kimakosa. Unafunga mabomba yote, unatazama kile kinyota kidogo kinachozunguka kwenye uso wa mita. Kikiendelea kuzunguka, hata polepole, maji yanapita mahali. Kikitulia, hakuna. Lakini ukikifanya mchana, maji yakiwa hayatoki, kinyota kitatulia hata kama bomba lako limepasuka vipande viwili, kwa kuwa hakuna msukumo ndani yake. Lazima usubiri usiku wa zamu yenu. Basi nilikesha. Saa saba usiku maji yakaanza. Kwanza ukasikika ule mvumo wa hewa ikitangulia kwenye bomba, na kinyota kikazunguka kwa kasi kabla tone la maji halijaonekana. Nililiona kwa macho yangu: hewa nayo inausukuma mtambo wa mita. Kwa mwezi mmoja, kwetu, haiwezi kufika uniti 60, lakini si uzushi wa watu. Nikasubiri tangi likajaa na boya likafunga. Nikafunga mabomba yote, nikakaa na tochi dakika ishirini. Kinyota hakikutikisika.

Kisha nikapima mita yenyewe. Nikaandika tarakimu nyekundu, 418. Nikajaza dumu la lita 20 mara kumi kutoka bomba la uani, nikikomea kila mara kwenye alama niliyoipiga kwa kalamu baada ya kulipima dumu kwa chupa za lita moja. Dumu likijazwa hadi shingoni hubeba zaidi ya 20, na kosa hilo likirudiwa mara kumi linakuwa kubwa. Maji hayo hayakumwagwa, yaliingia kwenye mapipa ya mpangaji, aliyekuwa amesimama kando yangu na kanga begani, akinishikia tochi. Tulikuwa tumeshapatana. Nilimwomba radhi siku niliyoiona ile 330, akasema, "Yameisha mama." Baada ya dumu la kumi tarakimu nyekundu zilisoma 621. Lita 203 kwa lita 200. Kwa kipimo cha madumu, hiyo ni mita nzima. Kama zingesoma 260 au 300, ningeandika barua tofauti kabisa, ya kutaka mita ing'olewe na kupimwa. Vipimo vya namna hiyo kuhakikiwa ni kazi ya Wakala wa Vipimo, wala si ya fundi wa mtaani.

Barua nayo niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilijaa machungu: miaka niliyokaa hapa, mshahara wa mwalimu, kuchimbuliwa kwa uwanja. Mume wangu akaisoma, akasema inasikitisha lakini haisemi ninataka nini. Ya mwisho ilikuwa hivi:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mamlaka ya Maji.

YAH: LALAMIKO LA USOMAJI USIO SAHIHI WA DIRA NA OMBI LA KUREKEBISHIWA ANKARA ZA AGOSTI NA SEPTEMBA

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu, namba ya akaunti na namba ya dira zimeandikwa hapo juu.

Ankara ya Agosti imeonyesha usomaji wa 386. Tarehe 9 Septemba dira ilisoma 330, na leo tarehe 2 Oktoba inasoma 341, kama inavyothibitishwa na picha na maelezo ya Mwenyekiti wa Mtaa yaliyoambatishwa. Dira haiwezi kusoma pungufu ya usomaji uliokwisha kufanyika. Hivyo usomaji wa 386 haukuwa sahihi, na usomaji wa 400 wa Septemba, uliotokana na huo, nao si sahihi.

Tangu usomaji wa mwisho usio na ubishi, yaani 312 wa Julai, nimetumia uniti 29 na si 88 zilizotozwa.

Naomba yafuatayo. Dira ihakikiwe nikiwepo. Usomaji wa 386 na wa 400 ufutwe kwenye akaunti yangu na kuwekwa usomaji halisi. Ankara za miezi yote miwili zikokotolewe upya kwa bei ya matumizi halisi ya kila mwezi. Nisikatiwe huduma wala kutozwa faini kwa sehemu ya deni yenye mgogoro hadi lalamiko hili litakapoamuliwa. Naomba majibu kwa maandishi.

Ili kuonyesha nia njema, niko tayari kulipa leo shilingi 24,000 kama malipo ya awali ya matumizi ya Agosti."

Maneno niliyoyapigania zaidi ni hayo ya usomaji kufutwa. Mtu akiomba "nipunguziwe bili", anaweza kupunguziwa kweli, akatoka ofisini akishukuru, na 386 ikabaki kwenye mfumo. Mwezi ujao mfumo utakataa tena namba halisi, msomaji atakadiria tena, na mteja atarudi dirishani akianza upya. Fedha ni matokeo. Namba ndiyo chanzo. Tena "kupunguziwa" ni lugha ya kuomba huruma, na mimi sikuwa naomba huruma.

Na ile 24,000 haikuwa hisani. Mteja asiyelipa chochote ni rahisi kuonekana mkwepaji, na mafundi wa kukata maji hawabebi barua za malalamiko mfukoni, wanabeba orodha ya wasiolipa. Ukilipa sehemu usiyoibishia, na risiti ikawepo, hata akija wa kukata una cha kumwonyesha.

Nilichapisha nakala mbili. Tarehe 2 Oktoba nikaenda masijala, siyo dirishani. Nikaacha moja, nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini ya aliyepokea. Nikaomba kuonana na afisa wa ankara. Alikuwa dada wa makamo, mpole, aliyenikaribisha kiti. Aliisoma barua yote kimya, kisha akaniuliza swali moja: "Hizo 29 umezipataje?" Nikamwambia 341 toa 312. Akatabasamu, akasema, "Ndivyo." Akafungua picha aliyoipiga msomaji mwisho wa Agosti. Sikujua kuwa ilikuwepo. Akaigeuza kompyuta nitazame.

Ule ukungu wa kioo na ule mkwaruzo vilikuwa vimepita juu ya tarakimu ya nne. Ilikuwa 00326. Ile 2, kwa mwanga wa jioni na mkwaruzo ukiifunga upande, kweli ilionekana 8. Nilikaa nikiitazama muda mrefu. Mwezi mzima nilikuwa nimemjenga kichwani mtu mwizi, anayekaa kivulini na kujiandikia namba. Alikuwepo kijana aliyeinama kwenye kishimo chenye mchanga, akasoma alichokiona. Kilichokosekana hakikuwa uaminifu wake. Alikosekana mtu wa kusimama pale matumizi yalipotoka 14 kwenda 74, akajiuliza kabla ya kuituma bili. Hilo nilimwambia dada yule, kwa adabu, na hakulipinga.

Tangu siku ile humwambia kila anayekuja kuniuliza: ombeni picha ya usomaji. Kama ipo, inamaliza ubishi kwa dakika moja, kwenu au kwao.

Fundi mita alikuja tarehe 8 Oktoba. Nilikuwepo, na mwenyekiti alikuwepo. Akasoma 343. Akatazama kinyota, akakagua lakiri, akaandika fomu tukaisaini wote watatu, naye kwa hiari yake akaandika kwamba kioo cha dira hakisomeki vizuri na kibadilishwe. Nilimwambia, "Asante kaka, hilo la kioo ndilo lililotufikisha hapa."

Marekebisho yalitoka siku tisa baadaye. Kutoka 312 mpaka 343 ni uniti 31 kwa siku 69, mahali pa uniti 88. Uniti 57 zikafutwa, Agosti ikakokotolewa upya kwa 14 na Septemba kwa 14, zilizobaki zikahamia Oktoba. Ile 24,000 niliyolipa ikaonekana kwenye akaunti. Barua ya majibu ilikuwa na aya mbili na kiambatisho cha hesabu; kiambatisho ndicho nilichokisoma kwanza, kuona kama usomaji umebadilishwa. Ulikuwa umebadilishwa.

Kama wangekataa, nilishajua pa kwenda. Mamlaka za maji nchini zinasimamiwa na EWURA, na malalamiko ya mteja husikilizwa huko baada ya kuanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Ndiyo maana ile nakala yenye muhuri ina thamani: bila hiyo huna cha kuonyesha kwamba ulianza nyumbani. Lipo pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, linalomsaidia mwananchi kulipanga lalamiko lake. Kwa ile safari yangu ya kwanza ya mdomo mtupu, ambapo jina langu liliishia daftarini, nisingekuwa na kitu cha kupeleka kokote.

Shilingi 30,000 za kuchimba chini ya mkorosho hazikurudi, na sikuzidai. Hazikuwa kosa la mamlaka.

Mita mpya ilifungwa wiki ya mwisho ya Oktoba. Hapo nako nilisimama karibu, nikapiga picha ya mita ya zamani ikiwa mkononi mwa fundi, namba yake ya mwisho 350, na ya mpya ikiwa 00000, kisha nikamwomba aziandike zote mbili kwenye fomu mbele yangu. Namba ya kufungia ikiandikwa kimakosa ni mwanzo wa hadithi nyingine kama hii, na ngumu zaidi, kwa kuwa mita ya zamani imeshaondoka na hakuna wa kuifunulia mfuniko.

Siku hizi binti yangu wa darasa la sita ndiye msomaji wetu. Kila Jumapili jioni ananyanyua bamba, anafuta kioo, anasoma nyeusi peke yake na kuandika kwenye daftari la mistari lililofungwa kwa uzi nyuma ya mlango wa jikoni. Tarehe 30 Novemba msomaji alipofika, binti alikuwa ameshatangulia. Kijana akainama, akasoma kwa sauti, "Kumi na tano." Binti akatazama daftari lake, akasema, "Ndiyo kaka, kumi na tano." Ujumbe ulipoingia jioni ile, nilikwenda nyuma ya mlango kulinganisha kabla sijautazama upande wa shilingi.